Nafasi ya kazi ya jioni: mhudumu wa mapokezi, Chake Chake

Kliniki yetu hapa Chake Chake inatafuta mhudumu mmoja wa mapokezi, wa kufanya kazi jioni tu. Mwenye kliniki aliniambia niandike tangazo fupi la kubandika mlangoni na kwenye makundi ya simu. Nimeandika refu. Meza hiyo ya mapokezi niliikalia mimi kabla ya kukabidhiwa usimamizi wa kituo, na tangu hapo nimewaona vijana wenye adabu na akili wakija kuomba kazi hii kwa kudhani ni ya kukaa, kuitikia simu na kusema "subiri hapo, daktari anakuja". Baada ya mwezi mmoja au miwili huondoka, na sioni kuwa kosa ni lao. Hakuna aliyewaeleza kazi yenyewe ilivyo.

Nianze na saa, maana ndizo zinazowaondoa wengi. Madaktari wetu asubuhi wapo kwenye hospitali za Serikali, kwa hiyo kliniki yetu huchangamka kuanzia alasiri. Mhudumu tunayemtafuta ataingia saa 10:00 jioni na kutoka saa 2:30 usiku, Jumamosi hadi Jumatano. Magharibi tunapokezana: mmoja anakwenda kusali, mwengine anabaki mezani, meza haiachwi peke yake. Mwezi wa Ramadhani saa hubadilika, tunafungua baada ya tarawehe. Gari za abiria za kwenda mashamba huwa zimekwisha saa hiyo ya kutoka, basi tafadhali lizungumzeni nyumbani kabla hujaleta barua: nani atakupokea, utarudi kwa chombo gani. Anayekaa mjini, tuseme Madungu, Tibirinzi au Msingini, atapata wepesi. Wa Wesha au Wawi tunamkaribisha pia, ila atuambie mapema namna atakavyorudi. Malipo ni shilingi 220,000 kwa mwezi, kwa mkataba wa maandishi, na tutakuandikisha ZSSF. Miezi mitatu ya mwanzo ni ya majaribio. Nimetaja kiasi kwa sababu naona si haki mtu kupanda gari kutoka Ole kuja kwenye usaili ndipo asikie malipo ambayo hayatamfaa.

Sasa kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya jioni utakuwa unamuandikisha mgonjwa, na hapa ndipo ninapotaka utulie nami kidogo.

Majina yetu Pemba yanafanana sana. Tuseme anakuja mama anajitaja Fatma Ali Juma. Kwenye kabati kuna faili la Fatma Ali Juma, na la Fatma Juma Ali, na jengine la Fatma Ali Juma ambaye ni mtoto wa skuli. Ukichukua la juu kwa kuwa foleni ni ndefu, daktari atasoma historia ya mtu mwengine. Kwa hiyo kwetu mgonjwa haulizwi jina tu. Anaulizwa majina matatu, jina la mama yake mzazi, shehia anayokaa, mwaka wa kuzaliwa, na namba ya simu pamoja na simu hiyo ni ya nani. Mwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi tunanukuu kutoka kwenye kitambulisho. Jina la mama ndilo lililonisaidia kuliko yote. Watu wawili wanaweza kugongana majina matatu na hata shehia, lakini mara chache sana watagongana na mama.

Watu wazima wengi hawajui mwaka waliozaliwa. Usiandike "mtu mzima" ukapita. Muulize taratibu: wakati wa Mapinduzi ya 1964 alikuwa ameshaingia chuo cha Kurani? Alikuwa akibebwa? Alikuwa ameshaolewa? Bibi akikwambia alikuwa anajua kuchota maji lakini hajaanza kufunga, umeshapata makisio mazuri, na kwa daktari anayepima dozi au anayeangalia presha makisio hayo yana maana kubwa. Andika mwaka na weka alama kwamba ni wa kukisia.

Watoto wachanga nao wana lao. Mtoto wa siku tatu aghlabu hajapewa jina, kwa hiyo anaandikwa "mtoto wa" fulani, jina la mama yake. Baada ya siku ya saba anapata jina, na akirudi akiwa na miezi miwili anaandikishwa upya kwa jina lake jipya. Mtoto mmoja, faili mbili. Kila mama akileta mtoto aliye chini ya mwaka, swali la kwanza ni kama amewahi kuletwa hapa kabla ya kupewa jina.

Nilishaona kwa macho yangu faili mbili zinaweza kufika wapi. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi zamani, msichana mmoja alikuwa amewahi kuvimba midomo na kutoka vipele mwili mzima baada ya kudungwa sindano ya penisilini. Ikaandikwa kwa wino mwekundu juu ya faili lake, kama inavyotakiwa. Baadaye aliletwa na shangazi yake, akaandikishwa kwa jina analoitwa nyumbani, ambalo si la kwenye cheti. Likafunguliwa faili jipya, safi, halina wino mwekundu wala kitu. Daktari akaandika penisilini kwa ajili ya koo. Aliyemuokoa ni nesi, ambaye ana desturi ya kuuliza kila mtu kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba: "Umewahi kupata shida na sindano yoyote?" Msichana mwenyewe akasema ndiyo. Pale mezani hakuna aliyefanya uzembe. Walimuuliza jina, akajibu. Hawakumuuliza kama ana jina jengine, wala hakuna aliyemuuliza shangazi mama wa mtoto anaitwa nani. Tangu siku hiyo swali la "nyumbani anaitwaje?" kwangu halikosi kwenye fomu.

Shehia nayo ina sababu yake, na hii wengi wa nje ya kazi hawaijui. Zanzibar imeipunguza malaria sana, na ili isirudi, kila mgonjwa anayepatikana na vijidudu hutolewa taarifa kwa simu kwenye mfumo wa Wizara ya Afya. Ofisa wa malaria wa wilaya anapata taarifa hiyo, anakuja kituoni, kisha anafuata mpaka nyumbani kwa mgonjwa kuwapima waliobaki na kuangalia vyandarua. Anafuata kwa kutumia nini? Kwa ulichoandika wewe mezani. Ukiandika "Chake" peke yake, umemtuma kuzunguka mji mzima. Ukiandika shehia ya Chonga, jina la mwenye nyumba, na simu ambayo kweli inapokelewa, atafika. Muulize pia mgonjwa mwenye homa kama amesafiri karibuni, kwa mfano amerudi kutoka Tanga au Dar es Salaam, na uandike. Muhimu zaidi, isome namba ya simu kwa sauti mbele yake tarakimu kwa tarakimu. Wapo wanaotoa namba ya mtoto wao aliye Unguja, na ofisa akipiga anajibiwa na mtu ambaye hata hajui kama mama yake anaumwa.

Jambo la pili ni foleni. Kwetu watu huingia kwa namba, anayetangulia anatangulia, na foleni ya namna hiyo hupunguza malalamiko. Lakini wapo ambao namba haiwahusu, na wewe ndiye wa kwanza kuwaona. Hatukutaki uwe daktari. Tunakutaka uinue kichwa kutoka kwenye rejista.

Mama akiingia na mtoto mdogo, mtazame mtoto kabla ya kumuuliza jina. Kisha uliza haya: ananyonya au anakunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Yupo macho, anakuangalia, au amelegea na haamki vizuri? Jibu baya kwa moja tu kati ya hayo linatosha: acha kuandika, muite nesi, majina yatafuata. Ni hivyo hivyo kwa mtoto anayepumua haraka huku mbavu zikiingia ndani, na kwa mjamzito anayetoka damu, au anayelalamika kichwa kinamuuma sana na haoni vizuri. Mwenye maumivu ya kifua anayetoka jasho jembamba naye hangoji.

Ukifika msimu wa karafuu tunaletewa watu walioanguka mikarafuuni. Wanaletwa juu ya gari ya ng'ombe, au wamebebwa mikononi na wenzao, na kila mtu anapiga kelele. Aliyeanguka usimwambie akae kwenye benchi, hata akisema yu mzima. Abaki alivyo, asikunjwe wala asigeuzwe shingo, nesi aje alipo. Kituo chetu ni kidogo, hatuna uwezo wa kumtibu aliyevunjika mgongo. Kazi yako hapo ni kupiga simu: namba za Hospitali ya Chake Chake na ya Abdulla Mzee kule Mkoani zimebandikwa pembeni ya meza, pamoja na za dereva. Unasema majina ya mgonjwa, umri, kilichotokea na saa kilipotokea, na kama anaongea. Sentensi nne, bila kupaparika.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi mpe barakoa na umkalishe kwenye benchi la karibu na dirisha. Fanya kwa upole, maana watu wanaogopa kuonekana. Mwambie hivi: "Kaa hapa upate upepo, nitakuita mwenyewe."

Watu watakasirika ukimpitisha mtoto wa mtu mbele yao. Simama, usiwajibu umekaa, na uwaambie: "Jamaa zangu, huyu hali yake haingoji, niwieni radhi." Nimeona mara nyingi kwamba wanachokasirikia wazee wetu ni kutoambiwa. Ukiwaambia, wao wenyewe watakusaidia kumshika mtoto.

Sasa siri. Pemba kila mtu anamjua mwenzake. Utamuandikisha jirani yako, mwalimu wako wa chuoni, mama mkwe wa dada yako. Usimuulize mtu "unaumwa nini?" kwa sauti inayofika kwenye mabenchi. Sisi tunauliza, "Umekuja kumuona daktari, kupima, au kufuata majibu?" na hapo panatosha. Maelezo mengine ni ya chumbani. Faili likifungwa linageuzwa chini.

Mtihani mkubwa zaidi huja kwa simu. Mwanamume anapiga, amechangamka, anakuita kwa jina, anasema, "Mwanangu, hebu niambie, mke wangu kashafika hapo leo?" Yawezekana kweli ni mumewe na ana wasiwasi tu. Hatujui. Jibu letu ni moja kwa kila mtu: "Samahani baba, hapa hatusemi nani kaja na nani hakuja. Mpigie mwenyewe." Zingatia kwamba ukimwambia "hapana, hajafika" siku ambazo hajafika, siku atakayofika na wewe ukakataa kusema, umeshamjibu. Ndiyo maana jibu halibadiliki, hata kama aliyekuja amekuja kwa mafua tu. Anayeona jibu hili ni gumu kulitoa kwa mtu mzima anayemheshimu, afikirie vizuri kabla ya kuomba.

Fedha nitazisema kwa ufupi, ingawa ndizo wanazoziogopa wengi. Unapoingia unakabidhiwa chenji shilingi 20,000 na kitabu cha risiti. Kila shilingi inayoingia ina risiti. Unapotoka tunahesabu pamoja, wewe na mimi, au wewe na nesi wa zamu. Tuseme risiti za jioni hiyo jumla yake ni shilingi 286,000, na kati ya hizo 121,000 zimelipwa kwa simu. Basi taslimu ni 165,000, na ukijumlisha chenji ya mwanzo, kwenye droo ziwemo 185,000. Zikizidi ni tatizo sawa na zikipungua, kwa sababu maana yake kuna mtu amelipa bila risiti. Risiti uliyokosea haichanwi. Unaipiga mstari, unaandika "imefutwa", na nakala zake zote zinabaki kitabuni. Anayelipa kwa simu usiridhike na ujumbe unaokuonyesha kwenye simu yake. Angalia simu ya kliniki, uone fedha zimeingia kwetu, ndipo uandike risiti. Wenye bima ya Mfuko wa Huduma za Afya tunahakiki kadi na sura kabla hawajaonwa na daktari, na fomu yao haitoki mezani bila saini ya mgonjwa. Fomu isiyo na saini kituo hakilipwi, na mgonjwa akishaondoka kwenda Pujini saini utaipata wapi?

Nani aombe? Mwanamke au mwanamume, aliyemaliza kidato cha nne na kuendelea, mwenye mwandiko unaosomeka na anayeweza kuandika kwenye kompyuta bila kutafuta kila herufi. Si lazima uwe umesomea afya. Si lazima uwe umewahi kufanya kazi. Wanafunzi wa chuo wanaosoma asubuhi tunawakaribisha, mradi ratiba ya mitihani watuletee mapema. Kiingereza kidogo kitafaa kwa wageni wachache wanaofika, lakini Kiswahili cha heshima kinafaa zaidi. Nikipata anayejua kumwamkia mzee aliyechoka akamfanya akae vizuri, hayo mengine nitamfundisha.

Namna ya kuomba ni hii. Andika barua kwa mkono wako mwenyewe, ukurasa mmoja. Si ya kuchapwa, kwa sababu mwandiko wako ndio tutakaousoma kwenye rejista. Ueleze unakaa shehia gani, utarudije nyumbani saa 2:30 usiku, na unafanya nini asubuhi. Ambatisha nakala ya cheti cha kidato cha nne, nakala ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, barua ya sheha wako, na majina ya watu wawili wasio ndugu zako wanaokujua kwa mwenendo, pamoja na namba zao. Asilia za vyeti usilete, baki nazo. Tia kwenye bahasha, juu andika "Mapokezi jioni", uilete kliniki mwenyewe kati ya saa 10:00 na saa 12:00 jioni, umkabidhi aliye mezani. Atakuandika kwenye daftari na kukupa kikaratasi chenye tarehe. Ukiondoka bila kikaratasi hicho, rudi ukidai. Tunapokea kwa wiki mbili tangu tangazo kubandikwa. Tarehe ya mwisho imeandikwa mlangoni. Hakuna ada ya kuomba, na mtu yeyote akikutaka utume fedha ili jina lako lipite, hakutoka kwetu.

Tutakaowachagua tutawapigia simu, na waliokosa nao tutawatumia ujumbe, wasikae wanangoja. Usaili hautakuwa wa maswali ya "jieleze". Utakaa mezani kwa nusu saa. Utapewa kadi ishirini za majina ya kubuni, utafute zipi ni za mgonjwa mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Nesi atakuja kama mama mwenye mtoto, na mwenzake atakupigia simu akimuulizia mke wake. Mwisho utahesabu droo. Ukikosea hesabu ukasema "naomba nirudie", rudia, hatutakuhesabia vibaya. Atakayepita ataanza kwa wiki mbili za kukaa pembeni yangu, mimi nikiandikisha yeye akiangalia, kisha yeye akiandikisha mimi nikiangalia, na siku zote hizo zinalipwa kama za kazi.